RITANI YA MWISHO NI YA LINI?
Swali la kuuliza kabla ya kuikopesha kampuni mbao, mahindi au lori

Kila habari za chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma zinapovuma, Makambako na Njombe hupokea wageni wenye mafaili. Mmoja anatafuta mbao za kujengea kambi, mwingine mahindi na viazi vya kulisha vibarua, wa tatu malori ya kukodi ya kwenda Ludewa. Wengi wao huja kwa jina la kampuni, si kwa majina yao wenyewe, na karibu wote huomba jambo moja: mali ichukuliwe leo, fedha zilipwe baada ya siku 30, 60 au hata 90.

Mfanyabiashara wa siku hizi hadanganyiki kirahisi. Huomba cheti cha usajili, na mara nyingine huomba pia karatasi ya upekuzi kutoka BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, inayoonyesha majina ya wakurugenzi na wanahisa. Akiiona karatasi yenye mhuri na tarehe ya juzi, huridhika na kufungua ghala.

Hapo ndipo kosa linapofanyika. Tarehe iliyo juu ya karatasi ni ya siku ilipochapwa. Haikuambii habari zilizo ndani yake ni za lini. Karatasi iliyochapwa jana inaweza kuwa na majina ya wakurugenzi waliokuwapo miaka tisa iliyopita, na Msajili akawa hajakosea hata neno moja. Dawa yake ni kutazama tarehe nyingine kabisa: ni lini kampuni hiyo iliwasilisha taarifa yake ya mwaka kwa mara ya mwisho. Taarifa hiyo ndiyo wahasibu na mawakili wanayoiita ritani ya mwaka.

MSAJILI HUANDIKA ANACHOLETEWA

Msajili wa Makampuni hana mtumishi anayepita mlango kwa mlango kuuliza nani ameacha ukurugenzi na nani ameuza hisa. Huhifadhi kile ambacho kampuni yenyewe imemletea. Kampuni ikinyamaza, kumbukumbu zake hubaki zilivyokuwa siku ya mwisho iliposema. Mhuri wa Msajili unathibitisha kwamba hivyo ndivyo jalada linavyosomeka, na hauendi mbali zaidi ya hapo.

Ili kampuni zisinyamaze milele, Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika mwaka 2006, inazilazimisha kusema angalau mara moja kwa mwaka. Kifungu cha 128 kinaitaka kila kampuni kupeleka taarifa ya mwaka. Fomu yake inaitwa kwa namba hiyo hiyo ya kifungu, Fomu 128. Ndani yake kampuni hutaja anwani ya ofisi yake iliyosajiliwa, shughuli zake, wakurugenzi wake na katibu wake, mtaji wa hisa uliotolewa, na orodha ya wanahisa pamoja na idadi ya hisa za kila mmoja.

Tarehe ya kuijaza haichaguliwi ovyo. Kila kampuni ina tarehe yake ya ritani, ambayo kwa kawaida ni siku ile ile ya mwaka iliyoandikishwa. Kampuni iliyoandikishwa tarehe 14 Mei inatakiwa kueleza hali yake ilivyo kufikia tarehe 14 Mei ya kila mwaka. Ikiwa safari iliyopita ilijaza taarifa yake kufikia tarehe nyingine, basi mwaka unaofuata huhesabiwa kuanzia tarehe hiyo. Baada ya tarehe ya ritani, kampuni ina siku 28 za kuifikisha taarifa kwa Msajili. Ikipitisha hapo, hutozwa ada ya kuchelewa inayoongezeka kadiri miezi inavyopita, na wakurugenzi huwa wamevunja sheria.

Kwa hiyo kampuni inayofuata utaratibu haiwezi kukaa zaidi ya miezi 12 na siku 28 bila Msajili kupokea habari mpya. Miezi 13 ndicho kipimo cha kwanza cha msomaji. Ritani ya mwisho ikiwa na umri unaozidi hapo, ujue kuna moja iliyorukwa.

TAREHE TATU, SI MOJA

Kwenye jalada la kampuni, kila ritani hubeba tarehe mbili, na karatasi yako ya upekuzi huongeza ya tatu. Mfanyabiashara anayezichanganya tarehe hizi hana tofauti na yule asiyefanya upekuzi kabisa.

Ya kwanza ni tarehe ya ritani yenyewe, yaani siku ambayo hali inayoelezwa ilikuwa hivyo. Ya pili ni tarehe ya kuwasilishwa, yaani siku Msajili alipoipokea. Ya tatu ni tarehe ya upekuzi, siku wewe ulipouliza. Umri wa habari ulizonazo hupatikana kwa kutoa ya kwanza kutoka ya tatu. Tarehe ya kuwasilishwa haiingii katika hesabu hiyo, ila ina kazi yake: inakuonyesha tabia ya kampuni. Inayowasilisha ndani ya siku 28 kila mwaka ina mtu anayeshughulikia mafaili. Inayokaa kimya miaka sita kisha ikaleta ritani sita kwa siku moja imesukumwa na jambo, na ni haki yako kujua jambo gani.

Kampuni changa ina hesabu yake. Ikiwa haijatimiza mwaka mmoja tangu iandikishwe, haitakuwa na ritani yoyote, na hilo si kosa. Habari zake zina umri wa cheti chake. Lakini kampuni yenye cheti cha miaka mitatu ambayo haijawahi kuwasilisha ritani hata moja ni jambo jingine, kwani kumbukumbu zake zote ni za siku ya kuzaliwa.

MFANO WA MBAO ZA SHILINGI MILIONI 48

Tuchukue mfano tulioutunga kwa ajili ya maelezo haya. Mfanyabiashara wa mbao wa Makambako anapokea oda ya mbao za shilingi milioni 48 kutoka kampuni tutakayoiita Kampuni K. Mali itachukuliwa kwa mafungu mawili na kulipwa baada ya siku 60. Oda ni ya tarehe 26 Agosti 2024, na imetiwa saini na Bwana B kwa cheo cha mkurugenzi mtendaji. Pamoja na oda amekabidhiwa nakala ya cheti inayoonyesha kuwa kampuni iliandikishwa tarehe 14 Mei 2012, na nakala ya upekuzi wa mwaka 2016 unaowataja wakurugenzi wawili, Bwana A na Bwana B. A ana hisa 600 na B ana hisa 400.

Kwa macho ya haraka kila kitu kimekaa sawa. Jina la aliyetia saini lipo kwenye karatasi ya BRELA. Lakini karatasi hiyo ni ya mwaka 2016, nasi tuko mwaka 2024. Mfanyabiashara anaamua kufanya upekuzi wake mwenyewe tarehe 3 Septemba 2024, na anaomba mambo mawili: hali ya sasa ya kampuni, na orodha ya nyaraka zilizowasilishwa tangu mwanzo pamoja na tarehe zake.

Orodha inakuja hivi. Ritani za mwaka 2013, 2014 na 2015 ziliwasilishwa kila mwaka kabla ya tarehe 11 Juni, ambayo ni siku ya 28 baada ya 14 Mei. Hiyo ilikuwa kampuni yenye nidhamu. Kuanzia 2016 hakuna kitu. Halafu tarehe 22 Agosti 2024, siku nne kabla ya oda kuandikwa, zimeletwa ritani tisa kwa mpigo, za kuanzia 2016 hadi 2024. Siku hiyo hiyo imeletwa taarifa ya mabadiliko ya wakurugenzi, inayosema kwamba B aliacha ukurugenzi tarehe 2 Februari 2019 na nafasi yake ikachukuliwa na Bibi C. Ritani ya 2024 inaonyesha C ana hisa 700 na A hisa 300. Jina la B halimo tena, si kwa wakurugenzi wala kwa wanahisa.

Sasa tuzisome tarehe hizo kwa mpangilio.

Jambo la kwanza ni kwamba mtu aliyetia saini oda ya milioni 48 si mkurugenzi, na kwa maneno ya kampuni yenyewe hajawa mkurugenzi kwa zaidi ya miaka mitano. Huenda ameajiriwa kama meneja na amepewa ruhusa ya kununua. Linawezekana hilo, lakini ruhusa hiyo inatakiwa ionekane kwa maandishi. Mfanyabiashara anadai azimio la bodi lililotiwa saini na A na C, linalomtaja B kwa jina na kutaja kiasi anachoruhusiwa kununua kwa mkopo. Bila karatasi hiyo, siku ya kudai C anaweza kusema kampuni haikumtuma mtu.

Jambo la pili ni zile ritani tisa. Kuziwasilisha pamoja si uhalifu. Kwa kawaida kampuni yenye ritani za nyuma haiwezi kusogeza jambo jingine kwa Msajili mpaka kwanza imalize deni hilo, na ndiyo maana makampuni husafisha majalada yao yanapokaribia zabuni, mkopo wa benki au kuuzwa. Lakini ritani ya 2017 iliyoandikwa mwaka 2024 ni kumbukumbu ya mtu aliyekaa mezani akakumbuka ya miaka saba nyuma. Ya kuaminiwa zaidi ni ile ya 2024, kwa sababu inaeleza hali ya kufikia 14 Mei 2024, miezi mitatu na ushee kabla ya upekuzi. Zile nane za katikati zichukuliwe kama maelezo tu, hasa pale zinapohusu nani aliuza hisa na lini.

Jambo la tatu ni taarifa ya mabadiliko ya wakurugenzi. Sheria inataka mabadiliko ya namna hii yafikishwe kwa Msajili ndani ya siku 14. Haya yamefikishwa baada ya miaka mitano na nusu. Katika kipindi hicho chote, kila aliyefanya upekuzi aliambiwa B ni mkurugenzi.

Jambo la nne ndilo linalofundisha kuliko yote. Tuseme mfanyabiashara wetu angekuwa mwepesi zaidi, akafanya upekuzi tarehe 1 Agosti 2024, wiki tatu kabla jalada halijasafishwa. Angepata karatasi mpya, yenye mhuri halali wa mwezi huo, ikisema wakurugenzi ni A na B. Angeifananisha na saini ya oda, akaona majina yanalingana, akapakia mbao. Karatasi yake ingekuwa na umri wa siku chache, ilhali habari zake zingekuwa za tarehe 14 Mei 2015, yaani miaka tisa na zaidi ya miezi miwili. Kitu pekee ambacho kingemwokoa ni kuuliza: ritani ya mwisho ni ya lini? Jibu la "2015" lingetosha kumfanya asimamishe lori.

KILA HABARI INA UMRI WAKE

Msomaji asiondoke hapa akidhani ritani ndiyo saa pekee ya jalada. Kuna mambo ambayo sheria inataka yafikishwe kwa Msajili yanapotokea, bila kungoja mwisho wa mwaka. Mabadiliko ya wakurugenzi tumekwisha kuyataja. Kuhama kwa ofisi iliyosajiliwa nako kuna fomu yake. Hali kadhalika kampuni ikiweka mali yake rehani kwa benki, rehani hiyo hutakiwa kuandikishwa ndani ya siku 42.

Maana yake ni kwamba mistari ya karatasi moja ya upekuzi haina umri mmoja. Kwa upande wa wakurugenzi, tazama tarehe ya ritani ya mwisho na tarehe ya taarifa ya mwisho ya mabadiliko, kisha chukua iliyo karibu zaidi na leo. Kwa upande wa rehani, kumbuka zile siku 42: kampuni inaweza kuwa imeweka malori yake yote rehani mwezi uliopita na upekuzi wa leo usionyeshe kitu, bila mtu yeyote kuvunja sheria. Anayekopesha kwa kutegemea mali ya kampuni afanye upekuzi wa pili baada ya wiki sita kabla hajaongeza fungu jingine.

Wanahisa ndio mstari ulio dhaifu kuliko yote. Hisa za kampuni binafsi hubadilishana mikono kwanza ndani ya kampuni yenyewe, katika daftari lake la wanahisa, na watu wengi huuziana kwa karatasi ya wakili kisha wakasahau mengine. Hivyo ritani inapokuwa ya zamani, orodha ya wanahisa ndiyo ya kwanza kuoza.

Hili linamhusu mwekezaji mdogo moja kwa moja. Hisa za makampuni yaliyoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998, zina utaratibu wake wa kutoa taarifa kwa umma. Lakini mtu akikujia Njombe na kukuuzia asilimia 10 ya kampuni binafsi yenye leseni ya madini au shamba la parachichi, jambo la kwanza ni kutazama kama jina lake limo kwenye ritani ya mwisho, na kwa hisa ngapi. La pili ni kutazama ritani hiyo ni ya lini. Jina likikosekana kwenye ritani ya mwaka huu, hana cha kuuza mpaka athibitishe vinginevyo. Jina likiwamo kwenye ritani ya miaka sita nyuma, bado hujui kitu, kwani huenda aliziuza hisa hizo miaka mitano iliyopita. Dai kuliona daftari la wanahisa la kampuni, na udai kampuni iwasilishe ritani zake kabla hujatoa shilingi.

KWA NINI LIGANGA HUZAA MAJALADA YALIYOLALA

Mkoa wa Njombe una sababu ya pekee ya kuwa mwangalifu. Mkataba wa Liganga na Mchuchuma kati ya Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, na kampuni ya Sichuan Hongda ya China ulitiwa saini Septemba 2011. Kampuni ya ubia iliundwa, NDC ikiwa na asilimia 20 na Wachina asilimia 80, na uwekezaji uliotajwa ulikuwa wa dola bilioni 3 za Marekani. Matumaini yalikuwa makubwa. Miaka zaidi ya kumi ikapita bila chuma kuyeyushwa, huku Serikali ikirudi mezani kuujadili upya mkataba. Fidia kwa wananchi wa maeneo ya mradi ilianza kulipwa mwaka 2023.

Mradi wa namna hii, unaotangazwa, ukalala, ukaamka na kulala tena, ndio unaolaza majalada. Mtu huandikisha kampuni habari zinapovuma, kazi ikikosekana anaiweka kabatini, wenzake wanatawanyika, na baada ya miaka minane habari zinapovuma tena anaitoa kabatini na kuipangusa vumbi. Kampuni iliyolala bado inadaiwa ritani kila mwaka hata kama haikuuza kitu. Lakini wengi hawajui hilo, au wanalijua na wanaona ni gharama ya bure.

Msajili ana uwezo wa kulifuta jina la kampuni anayoamini haifanyi tena biashara, baada ya kuiandikia na kutangaza katika Gazeti la Serikali. Hata hivyo kazi hiyo huchukua muda, na kampuni nyingi zilizolala bado zimo kwenye daftari. Hivyo neno linalosema kampuni "imesajiliwa" lina maana moja tu, kwamba haijafutwa. Wanaolisoma kama ushahidi wa uhai wanajidanganya.

NAMNA YA KUULIZA

Zamani mfanyabiashara wa Makambako alipaswa kupanda basi hadi Dar es Salaam, au kumlipa wakili wa huko afukunyue jalada. Tangu mwaka 2018 BRELA inatumia mfumo wa usajili wa mtandao, ORS, unaopatikana kwa anwani ya ors.brela.go.tz. Upekuzi wa juu juu wa jina huonyesha kama kampuni ipo, namba yake na tarehe ya kuandikishwa. Anayetaka majina ya wakurugenzi, wanahisa na rehani huomba upekuzi rasmi na kulipia ada kwa namba ya malipo anayopewa, hata kwa simu. Asiyezoea mtandao anaweza kusaidiwa na wakili au afisa biashara wa halmashauri.

Jina halitoshi. Omba kwa namba ya usajili iliyo kwenye cheti, maana kuna makampuni yenye majina yanayofanana kwa herufi mbili tatu. Kisha usiridhike na hali ya sasa peke yake. Omba pia kuona ritani zilizowasilishwa na tarehe zake, na nakala ya ile ya mwisho.

Makampuni ya kabla ya mwaka 2018 yana jambo la ziada. Majalada yao yalikuwa ya karatasi, na yalitakiwa kuingiza habari zao upya katika mfumo. Iliyofanya hivyo utaiona kamili. Isiyofanya hivyo inaweza kuonekana kwa jina na namba tu, na habari nyingine zikabaki kwenye jalada la zamani. Kampuni ya mwaka 2009 inayoonekana kama mifupa mitupu kwenye mfumo imekupa jibu tayari: haijashughulika na Msajili kwa miaka mingi.

Kuna wawili ambao kipimo hiki hakiwahusu. Wa kwanza ni mwenye jina la biashara tu, lisilo na neno "Limited" mwishoni. Huyo hana ritani ya mwaka ya kuwasilisha, hana wanahisa wala wakurugenzi, na anayedaiwa ni mwenye jina mwenyewe. Wa pili ni kampuni iliyoandikishwa Zanzibar, ambako kuna Msajili mwingine. Ukiikosa BRELA, usiseme haipo kabla ya kuuliza cheti chake kilitolewa wapi.

KIPIMO CHA MEZANI

Ukurasa huu unapendekeza kipimo hiki kwa wanaouza kwa mkopo. Si cha sheria, ni cha busara ya dukani.

Ritani ya mwisho ikiwa ndani ya miezi 13 na zilizotangulia ziliwasilishwa kwa wakati, tumia habari zake kama zilivyo, ila hakiki saini. Ikiwa imerukwa moja, mwambie mteja aiwasilishe kwanza na akuletee uthibitisho. Kampuni iliyo hai humaliza jambo hilo kwa siku chache, na ukimya wake baada ya hapo ni jibu. Zikiwa zimerukwa mbili au zaidi, au zimeletwa kwa mpigo karibu na siku ya oda, uza kwa fedha taslimu mpaka uone azimio la bodi na kitambulisho cha mkurugenzi aliyemo kwenye ritani mpya kabisa.

Na hata ritani ikiwa ya jana, usiidai ikueleze yasiyo kazi yake. Haisemi kampuni ina fedha kiasi gani benki, haisemi kama inadaiwa kodi, wala haisemi kama ina kandarasi ya kweli huko Ludewa. Katika mfano wetu, hisa 1,000 za shilingi 1,000 kila moja zingefanya mtaji wa shilingi milioni moja, dhidi ya mbao za milioni 48. Kandarasi ulizwe aliyeitoa.

Ukilipata jibu la Msajili, andika kwa kalamu juu ya karatasi yako: "Habari hizi ni za kufikia tarehe...", ujaze tarehe ya ritani, kisha uiweke kwenye faili la mteja. Atakaporudi mwakani na oda nyingine, utajua bila kubahatisha karatasi uliyonayo imezeeka kiasi gani.